Mgao wa Mtumbwi wa Dagaa na Nadharia ya Matarajio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Matajiri wa mitumbwi, manahodha na mabaharia wa mialo ya Mwanza, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, wanarudia malalamiko yaleyale kila hesabu inapofungwa. Tajiri anasema vijana wamekuwa wazito. Vijana wanasema mgao hauna haki. Majibu yaliyo hapa yanatumia nadharia ya matarajio kueleza kinachotokea kati ya kauli hizo mbili. Kila jibu linajitegemea, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa utaelekezwa kwenye swali husika. Tarakimu za shilingi ni za mfano wa kupigia hesabu; weka za mtumbwi wako.

## Misingi

1. Nadharia ya matarajio inasema nini?

Iliwekwa wazi mwaka 1964 na Victor Vroom, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Marekani. Inasema kwamba kabla mtu hajaongeza juhudi kazini, kichwani mwake kuna maswali matatu, hata kama hayatamki. La kwanza: nikijitahidi, kazi itatoka vizuri? La pili: kazi ikitoka vizuri, nitapata kitu? La tatu: hicho nitakachopata, nakitaka kiasi gani?

Swali la kwanza linaunganisha juhudi na matokeo ya kazi. La pili linaunganisha matokeo na malipo. Tutaviita kiungo cha kwanza na kiungo cha pili. La tatu linahusu thamani ya malipo kwa huyo anayeyapokea, si kwa anayeyatoa. Kwa baharia wa dagaa maswali hayo yanasikika hivi: nikikubali tutupe nyavu mara ya tatu alfajiri, tutapata dagaa zaidi? Tukipata zaidi, fungu langu litaongezeka? Na hiyo nyongeza inatosha kunifanya nivumilie baridi na usingizi?

Kinachohesabika ni anachoamini baharia. Tajiri anaweza kuwa mwaminifu kabisa katika hesabu zake, lakini baharia asipoamini, kiungo cha pili kimelegea vilevile.

2. Kwa nini mambo hayo matatu yanazidishwa na hayajumlishwi?

Nadharia huandikwa kwa kifupi hivi:

```
M = E × I × V
```

M ni msukumo wa kufanya jambo fulani. E ni kiungo cha kwanza, I ni kiungo cha pili, V ni thamani ya malipo. E huhesabiwa kutoka 0 (haiwezekani) hadi 1 (hakika). V inaweza kuwa chini ya sifuri, kwa sababu yapo matokeo ambayo mtu anayakimbia.

Tukizidisha, sifuri moja inaua zote. Baharia mwenye uhakika kwamba nyavu zitajaa, na mwenye shida kubwa ya pesa, hatajituma kama haamini kwamba nyavu zikijaa mfuko wake nao utajaa. Kuongeza V hakumsaidii mtu ambaye I yake ni 0. Ndiyo maana tajiri anaweza kutangaza fungu kubwa zaidi na asione mabadiliko yoyote majini.

I nayo inaweza kushuka chini ya sifuri, na jambo hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Tajiri akiona giza moja, yaani kipindi kimoja cha kuvua, limelipa sana, kisha giza linalofuata akabadilisha mgao kutoka nusu kwa nusu na kujiwekea sehemu kubwa zaidi, vijana wamejifunza kwamba kuvua sana kunaleta mgao mbaya. Kuanzia hapo watahakikisha mavuno hayazidi kiwango fulani, na hakuna atakayesema kwa nini.

3. Sijui kazi ya dagaa. Mgao wenyewe unakwendaje?

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa hauwavuti tena dagaa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa kuzunguka mwezi mpevu. Kipindi cha kuvua kati ya mapumziko hayo huitwa giza. Katika mfano wetu, hesabu inafungwa mwisho wa kila giza.

Mauzo yote ya giza yanajumlishwa. Zinatolewa gharama: petroli, chakula, kuchaji taa, ushuru wa mwalo na mengineyo. Kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri, ambaye mtumbwi, mashine na nyavu ni vyake, na watu waliovua. Taratibu zinatofautiana mwalo kwa mwalo. Sisi tutachukua mtumbwi wenye watu watano, unaogawa nusu kwa nusu baada ya gharama, ambapo nahodha anachukua mafungu mawili na mabaharia wanne wanachukua fungu mojamoja. Jumla mafungu sita.

Utaratibu huu unaitii nadharia vizuri kwa umbo lake, maana malipo yanafuata mavuno. Ndiyo maana inafaa kuuliza ni wapi unapoharibika.

## Kutafuta kiungo kilicholegea

4. Vijana wanasema "mgao hauna haki". Hilo ni kiungo kipi?

Mara nyingi ni cha pili, ingawa maneno yao yanaelekeza kwenye thamani. Wakisema "fungu ni dogo", tajiri husikia kwamba wanataka pesa zaidi. Wakiulizwa taratibu, wengi huishia kwenye gharama: petroli lita ngapi, nani aliona risiti, mbona mashine imetengenezwa tena. Wanalalamikia sehemu ya hesabu ambayo hawaioni.

Hapa kuna tofauti inayopuuzwa. Hisia ya kutotendewa haki inatazama nyuma: nilitoa nini, nikapata nini, na mwenzangu je? Katika miaka hiyohiyo ya 1960 John Stacey Adams alieleza jinsi watu wanavyolinganisha uwiano wa walichotoa na walichopata na ule wa wengine. Msukumo wa kazi unatazama mbele: giza lijalo nitapata nini? Dhuluma ya jana inaharibu kazi ya kesho kwa njia mbili. Inashusha imani katika kiungo cha pili, na inashusha thamani ya malipo yenyewe, kwa kuwa shilingi 300,000 ulizopewa kwa dharau hazina ladha ya zile ulizohesabiwa mbele ya macho yako. Lyman Porter na Edward Lawler, walioipanua nadharia hii mwaka 1968, waliweka jambo hilo ndani ya mchoro wao: kati ya malipo na kuridhika kuna kipimo cha mtu mwenyewe cha malipo anayoona yanamstahili.

Kwa vitendo, kuwalipa vijana fidia ya giza lililopita kunaweza kutuliza hasira, lakini hakurudishi juhudi kama kanuni ya giza lijalo ni ileile.

5. Nitajuaje ni kiungo kipi bila kubahatisha?

Zungumza na kila mtu peke yake, wakati wa mbalamwezi ambapo hakuna anayekimbilia majini. Usiulize mbele ya nahodha. Mtu anayeaminika na pande zote, kama mzee wa mwalo, akiuliza badala yako ni bora zaidi.

Maswali yawe ya kuhesabika. "Katika mara kumi mnazokubali kutupa nyavu mara ya tatu, ni mara ngapi inalipa?" Hicho ni kiungo cha kwanza. "Katika magiza kumi ambayo mtavua kuliko kawaida, ni mangapi ambayo fungu lako litakuwa kubwa kuliko kawaida?" Hicho ni cha pili. Kwa thamani, usiulize kama anapenda pesa. Uliza: "Nikikuongezea elfu arobaini mwisho wa giza, au nikikupa siku tatu zaidi nyumbani, unachukua ipi?" Utashangaa ni wangapi wenye familia Sengerema au Magu watakaochagua siku.

Sasa linganisha. Ukipata saba kwa kiungo cha kwanza na mbili kwa cha pili, usinunue nyavu mpya, kaa na daftari. Ukipata mbili kwa cha kwanza na nane kwa cha pili, vijana wanakuamini, tatizo ni taa, mashine, nyavu au ziwa lenyewe. Wakitofautiana sana, kwa mfano nahodha anasema nane na mabaharia wanasema mbili, basi kuna jambo ambalo nahodha analijua na wenzake hawalijui. Aghalabu huwa ni hesabu.

Ipo na dalili isiyohitaji kuuliza. Timu iliyopoteza kiungo cha kwanza hulalamikia vifaa na huonekana imechoka. Timu iliyopoteza kiungo cha pili haichoki: inafanya kazi kwa bidii mahali ambapo tajiri haoni.

6. Mbona wanauza dagaa majini ilhali wanajua ni wizi?

Kwa sababu nadharia hii haihusu bidii na uvivu. Inahusu uchaguzi kati ya vitendo viwili au zaidi, na mtu huelekea kule ambako msukumo ni mkubwa.

Tuchukue majibu ya baharia mmoja katika swali la 5. Anaona kutupa nyavu mara ya tatu kunalipa mara 6 kati ya 10, na mavuno mengi yanafika kwenye fungu lake mara 3 kati ya 10. Njia nzima kutoka jasho hadi mfukoni ni 0.6 × 0.3, yaani 0.18. Kando yake kuna mtumbwi wa mnunuzi unaokutana nao gizani. Ndoo tayari imejaa, kwa hiyo kiungo cha kwanza ni 1. Mnunuzi analipa papo hapo, tuseme kiungo cha pili ni 0.9. Njia hiyo ni 0.9, mara tano ya ile ya kwanza. Aibu na hofu ya kufukuzwa zinapunguza thamani yake, lakini zingepaswa kuwa kubwa sana ili mizani igeuke.

Matajiri wengi hujibu kwa kuweka mlinzi ndani ya mtumbwi. Mlinzi anapunguza 0.9 na pengine anafaa, lakini haigusi ile 0.18. Akiondoka, au akinunuliwa, mambo yanarudi yalivyokuwa. Ukikipandisha kiungo cha pili hadi 0.9, njia halali inafika 0.54. Bado haijaifikia ndoo ya gizani, ila sasa kuna ushindani, na hapo ndipo heshima, hofu na urafiki wa kazini vinapopata nguvu ya kumaliza kazi. Kusema kwamba wizi utakwisha kwa kufungua daftari peke yake ni kudanganya watu.

## Hesabu ya giza moja

7. Nionyesheni kwa tarakimu jinsi kiungo cha pili kinavyokatika.

Giza la kwanza. Mauzo ni shilingi 6,000,000, gharama 2,400,000. Kinabaki 3,600,000. Nusu ya tajiri ni 1,800,000, na nusu ya vijana ni hiyohiyo. Ukigawa kwa mafungu sita, kila fungu ni 300,000.

Giza la pili vijana wanakubaliana kutupa nyavu mara ya tatu kila alfajiri inapowezekana. Mauzo yanapanda hadi 6,600,000. Petroli na chakula vinaongezeka kwa 120,000. Mambo mengine yakibaki sawa, nyongeza halisi ni 480,000, nusu yake ni 240,000, na kila fungu linapaswa kuongezeka kwa 40,000. Baharia anatarajia 340,000.

Lakini katikati ya giza mashine iliharibika, matengenezo yakagharimu 900,000, na tajiri akayaingiza kwenye gharama za giza hilo. Gharama zote sasa ni 3,420,000. Kinabaki 3,180,000, nusu ni 1,590,000, na fungu ni 265,000.

Soma matokeo hayo kwa macho ya baharia. Amelala kidogo kuliko giza lililopita, ameona ndoo nyingi zaidi zikishuka mwaloni, na amepata 35,000 pungufu. Hakuna aliyeiba. Mashine iliharibika kweli. Somo alilolipata, hata hivyo, ni kwamba mavuno na fungu havijuani. Mara mbili tatu za hivyo zinatosha kumfanya ajibu "mbili" katika swali la 5.

Na ikiwa haoni daftari, hatajua kuhusu 900,000. Atabaki na maelezo mawili tu: tajiri kala, au nahodha kala.

8. Basi matengenezo ya mashine yatoke wapi? Siwezi kuyalipa peke yangu.

Si lazima uyalipe peke yako. Kinachotakiwa ni kwamba yasiangukie giza ambalo vijana wamejituma. Njia rahisi ni mfuko wa mashine: kila giza, liwe zuri au baya, inatolewa 150,000 kabla ya kugawa, na matengenezo yote yanalipwa humo.

Turudie hesabu. Giza la kawaida: 6,000,000 toa 2,400,000 toa 150,000 ni 3,450,000. Nusu ni 1,725,000, fungu 287,500. Giza la kujituma: 6,600,000 toa 2,520,000 toa 150,000 ni 3,930,000. Nusu ni 1,965,000, fungu 327,500. Tofauti ni 40,000, na itabaki 40,000 hata mashine ikifa giza hilohilo, mradi mfuko una pesa.

Sasa angalia upande wa gharama. Kwa magiza 12 mfuko unakusanya 1,800,000, yaani matengenezo mawili ya 900,000. Kwa utaratibu wa zamani matengenezo mawili yangemkata kila mwenye fungu 75,000 mara mbili, jumla 150,000 kwa mwaka. Kwa utaratibu mpya anakatwa 12,500 mara kumi na mbili, jumla ni 150,000 ileile. Tajiri hajatoa shilingi ya ziada, baharia hajapata shilingi ya ziada, na kiungo cha pili kimepona. Sijui marekebisho mengine ya mgao yenye gharama ndogo kuliko haya.

Mfuko una sharti moja: pesa zake zionekane. Ziwekwe kwenye laini ya simu au akaunti ambayo nahodha na baharia mmoja wanaona salio lake. Mfuko usioonekana ni makato mapya tu. Na kwa kuwa mwanzoni hauna kitu, kubalianeni kwamba tajiri atakopesha matengenezo ya kwanza na kurudishiwa polepole kutoka mfukoni humo.

9. Nikifungua daftari, si wataona faida yangu na kudai zaidi?

Wataona, na baadhi watadai. Lakini sasa hivi pia wanakadiria faida yako, na makisio yao kwa kawaida huwa makubwa kuliko ukweli, kwa kuwa hawaoni bei ya nyavu mpya wala mwezi ambao mtumbwi ulikaa nchi kavu.

Ukisitasita, anza na gharama tu. Kila asubuhi karani aandike ndoo zilizoshuka, bei iliyouzwa, petroli iliyonunuliwa na chakula. Baharia mmoja, kwa zamu, atie saini. Zamu ni muhimu: akisaini mtu mmoja kila siku, wenzake watamhesabu kuwa wa kwako. Risiti za petroli zibandikwe humo. Faida yako baada ya mgao ni yako na hakuna ulazima wa kuitangaza. Kinachojenga imani ni njia ya kutoka ndoo hadi fungu.

## Kurekebisha

10. Si rahisi zaidi kuongeza fungu lao?

Ni rahisi kutamka, ni ghali kulipa, na kama tulivyoona katika swali la 2 kunazidishwa na kiungo ambacho pengine kiko karibu na sifuri. Ukitoka nusu kwa nusu na kuwapa asilimia 55, katika giza la kwanza la swali la 7 umetoa 180,000 na kila fungu limepata 30,000. Giza linalofuata matengenezo yakiwakata 82,500, watasema umetoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Kuna wakati fungu ni dogo kweli. Utajua kwa kulinganisha na mitumbwi jirani ya mwalo huohuo yenye mashine na nyavu zinazofanana, kwa sababu hao ndio vijana wanaojilinganisha nao. Kama wenzako wote wanagawa nusu kwa nusu baada ya gharama na wewe unatoa theluthi, hakuna daftari litakalokuokoa. Rekebisha kiwango, ila rekebisha na kiungo siku hiyohiyo.

11. Vipi zawadi kwa baharia bora wa giza?

Kwa mtumbwi wa dagaa naipinga. Kuvuta nyavu ni kazi ya mikono yote kwa pamoja, na hakuna kipimo cha haki cha nani kavuta zaidi. Atakayechagua ni nahodha, kwa hiyo kiungo cha pili kitakuwa kati ya kumpendeza nahodha na kupata zawadi, na vijana watajifunza hivyo upesi. Kama una pesa ya zawadi, ipe timu nzima kwa kipimo kinachohesabika, mfano ndoo zinazoshuka zikiwa safi bila mchanga wala uozo.

12. Nahodha kuchukua mafungu mawili si ndiyo dhuluma yenyewe?

Mara chache sana. Mabaharia wengi wanakubali kwamba anayejua wapi pa kwenda na lini pa kurudi anastahili zaidi. Malalamiko yanaanza pale nahodha anapokuwa pia ndiye anayeuza, anayenunua petroli na anayeleta hesabu. Tenganisha kazi hizo. Tatizo la mafungu mawili hutoweka mara nyingi bila kuguswa.

## Hali za pembeni

13. Ziwa likigoma kwa magiza mawili mfululizo?

Hapo kinachoanguka ni kiungo cha kwanza, na daftari haliwezi kukisaidia. Wakati wa mvua hali ni ngumu zaidi, maana hata dagaa wakipatikana hawakauki vizuri kwenye mchanga au vichanja, na walioharibika huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Juhudi ilikuwepo, ndoo zilikuwepo, mauzo hayapo.

Kwa kipindi hicho kulipa kwa mavuno peke yake ni kuwaambia watu wakae nyumbani. Kiasi kidogo kisichobadilika kwa kila usiku wanaoingia majini, kinachojumlishwa kama gharama, kinawafanya waendelee kutoka. Kiwe kidogo na kiwe na muda uliotajwa tangu mwanzo, la sivyo giza likirudi kuwa zuri utakuwa umelegeza mwenyewe kiungo ulichokijenga.

14. Baharia wangu mzuri kuliko wote amezama kwenye deni langu na siku hizi hajitumi. Kwa nini?

Kwa sababu kwake kiungo cha pili ni 0, hata kama mgao wako ni safi. Akidaiwa 500,000 na wewe unachukua fungu lake lote, ile 40,000 ya alfajiri haifiki mkononi kwake. Inapunguza deni, lakini mwisho wa giza anaondoka mikono mitupu, ajitume asijitume.

Wekeni ukomo: makato ya deni yasizidi theluthi ya fungu. Akipata 300,000 unakata 100,000. Akipata 340,000 unakata takribani 113,000, na yeye anabaki na nyongeza ya kama 27,000 inayoonekana. Deni litachukua magiza mengi zaidi kuisha, lakini litalipwa na mtu anayevua. Ukishikilia kuchukua lote, njia yake ya kupata pesa taslimu inabaki moja, na imeelezwa katika swali la 6.

15. Kiungo kikiwa imara kupita kiasi, kuna hatari?

Ipo. Ukilipa kwa uzito tu, utapata uzito. Vijana wataomba nyavu zenye macho madogo kuliko yanayoruhusiwa, au watatoka siku ambayo upepo umekwisha kuonya. Nadharia haichagui matokeo mema. Inasukuma kuelekea chochote unacholipia. Amua mapema usichokubali, kiandike kwenye makubaliano, na mavuno yaliyopatikana kwa njia hiyo yasiingie kwenye mgao wa yeyote, wako ukiwemo. Ukichukua nusu yako ya mavuno haramu huku ukiwaadhibu vijana, umewafundisha kanuni halisi.

16. Nadharia yenyewe inaaminika kiasi gani?

Ina mipaka iliyopimwa. Mwaka 1996 Wendelien van Eerde na Henk Thierry walichapisha mapitio ya tafiti 77. Waliona kwamba kuzidisha E, I na V hakutabiri vizuri kuliko kuviangalia kimoja kimoja, na kwamba inatabiri nia za watu vizuri kuliko matendo yao. Pia ilifanya kazi vizuri zaidi ilipotumika kulinganisha chaguzi mbalimbali ndani ya mtu mmoja kuliko kulinganisha mtu na mtu.

Kwa hiyo usichukue 0.18 ya baharia mmoja na 0.40 ya mwenzake ukaamua nani ni bora. Mlinganishe mtu na yeye mwenyewe: kutupa nyavu mara ya tatu dhidi ya kurudi mwaloni, njia halali dhidi ya ndoo ya gizani. Zichukulie tarakimu kama njia ya kuelekeza macho kwenye kiungo kimoja kati ya viwili.

Watu pia hawapigi hesabu kila usiku. Baharia aliyeanza na baba yake hutupa nyavu kwa mazoea, na mwingine hujituma kwa sababu hataki kuonekana mzigo kwa wenzake. Mambo hayo nadharia huyaweka ndani ya V, lakini hayapimiki kwa urahisi.

17. Nimefanya yote haya giza moja na hakuna kilichobadilika. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea. Kiungo cha pili ni makisio yaliyojengwa kwa magiza mengi, na giza moja zuri ni ushahidi mdogo dhidi yake. Baharia mwenye busara atasubiri aone utafanya nini mashine ikiharibika, kwa maana hapo ndipo kanuni mpya inapojaribiwa. Siku hiyo ikifika, lipa kutoka kwenye mfuko, onyesha salio kabla na baada, na gawa fungu kama ilivyokubaliwa. Kisha rudia maswali ya swali la 5 wakati wa mbalamwezi inayofuata. Kama "mbili" imekuwa "nne", endelea. Kama imebaki "mbili", tafuta makato ambayo bado hayajaandikwa kwenye daftari, ukianzia kwa anayenunua petroli.